Hoja nimeikuta ukurasa wa mwisho

*Mwalimu, shikamoo.*

*Nasoma historia, mwaka wa pili chuoni. Nimeandika insha kujibu swali hili: kwa nini Vita vya Majimaji vya 1905 dhidi ya Wajerumani viliweza kuwaunganisha watu wengi wa kusini kiasi kile? Rasimu imefika maneno 3,040 na kikomo ni 2,000. Mhadhiri aliyeipitia hakuandika mengi, ila mwishoni kabisa aliandika: "Hoja yako nimeikuta ukurasa wa mwisho."*

*Nimekaa nayo siku mbili nikifuta vivumishi na kufupisha sentensi. Nimetoa maneno 160 tu, na sasa haisomeki vizuri, inakatikakatika. Kila aya ina ushahidi niliouhangaikia maktabani. Nafikiria kuiondoa aya inayosema Wahehe hawakujiunga, maana inanipinga mwenyewe, na kuipunguza sana sehemu ya pamba kwa kuwa kila mtu anaijua tangu sekondari. Lakini aya ya kunyongwa kwa Nkosi Mputa wa Wangoni na wenzake pale Songea siwezi kuigusa, ndiyo nzuri kuliko zote. Rasimu nimeambatisha. Naikabidhi Ijumaa. Nikate wapi?*

*Mwenye Rasimu Ndefu*

Marahaba, mwanangu. Rasimu nimeisoma mara mbili, mara ya pili nikiwa na kalamu mkononi. Acha kwanza hiyo kazi ya vivumishi. Insha ya aya 17 ukiitoa neno hapa na neno pale inabaki na aya 17 zilizokonda, na msomaji anazunguka njia ile ile ndefu aliyozunguka mwanzo. Maneno 1,040 hayajifichi ndani ya sentensi. Yamekaa kwenye aya nzima ambazo hazina kazi, na hizo ndizo za kuanza nazo. Sentensi tutazigusa mwishoni, na kwa muda mfupi.

Mhadhiri wako amekufanyia hisani kubwa kuliko unavyodhani. Rasimu ya kwanza mara nyingi huwa ni kumbukumbu ya safari ya kutafuta. Ulianzia Mkutano wa Berlin kwa sababu siku hiyo hukuwa umejua bado utasema nini, ukashuka na mwaka mmoja mmoja, na ulipofika ukurasa wa mwisho ndipo ukajua. Nimeinakili sentensi yenyewe kutoka aya yako ya 17: "Kilimo cha lazima cha pamba kiliwapa watu wa kusini sababu ya kupigana, lakini maji ndiyo yaliyowawezesha kupigana pamoja." Maji, yaani ile dawa waliyoamini itawakinga na risasi. Hiyo ndiyo insha. Ihamishie kwenye aya ya kwanza leo hii, kabla hujafuta chochote, kisha iandike kwenye kipande cha karatasi uiweke karibu na rasimu. Kuanzia hapo kila aya itahojiwa na sentensi hiyo, si na wewe. Wewe una huruma nayo.

Sasa chapisha rasimu na uandike sentensi moja pambizoni mwa kila aya. Sharti ni kwamba sentensi ianze na "Inaonyesha kwamba". Usianze na "Inahusu". Tofauti inaonekana ndogo, lakini jaribu uone. Aya yako ya sita nimeiandikia: inaonyesha kwamba pamba iliwanyang'anya watu muda wa mashamba yao wenyewe. Ikaandikika bila shida. Nilipofika aya ya pili hadi ya tano kalamu ilikataa. Nilichoweza kuandika ni "inahusu Berlin", "inahusu Karl Peters na mikataba ya 1884", "inahusu Abushiri", "inahusu Mkwawa". Aya nne, maneno 620, na hakuna hata moja inayoonyesha jambo lolote kuhusu swali uliloulizwa. Kila lililosemwa humo ni kweli, na ndiyo maana huoni kosa. Lakini ukweli si kibali cha kuingia kwenye insha.

Usizitupe zote bado, ingawa. Kabla ya kuondoa aya ya usuli jiulize kama kuna jambo moja ndani yake ambalo hoja yako inalihitaji na bado halijatumwa kazi. Kwako lipo. Mkwawa alikuwa na kile ambacho watu wa 1905 hawakuwa nacho, na huo mlinganisho hujaufanya popote, umesimulia tu. Hebu tazama:

"Mwaka 1891 Mkwawa aliwapiga Wajerumani kule Lugalo akiwa na jeshi la Wahehe lililotii mtawala mmoja. Mwaka 1905 Wamatumbi, Wangindo na Wapogoro hawakuwa na mtawala wa kuwaunganisha. Walichokuwa nacho kwa pamoja ni maji."

Hayo ni maneno 32. Ongeza sentensi mbili tatu kuhusu kodi ya nyumba na maakida ili msomaji ajue utawala uliingiaje vijijini, na usuli wako wote unatosha katika maneno 90. Umepata 530 kwa mkato mmoja, yaani nusu ya unachohitaji, na sehemu iliyobaki ina nguvu kuliko ile ndefu kwa sababu sasa inabishana badala ya kusimulia. Abushiri, Peters na Berlin wanaondoka kabisa. Wafungulie faili jingine uliite "mabaki" uwahifadhi humo. Wanafunzi wengi hukata kwa ujasiri zaidi wakijua walichokata hakijafutwa, ingawa sijawahi kuona mtu akikirudisha.

Nakuja kwenye pamba, na hapa naomba unisikilize vizuri, kwa sababu hapa ndipo ulipotaka kujikata mkono. Unasema kila mtu anaijua. Sawa. Lakini fikiria insha yako itabaki ikisema nini pamba ikishakuwa sentensi mbili. Itabaki Kinjikitile wa Ngarambe, mganga aliyewagawia watu maji hayo, imani ya kwamba risasi zitageuka maji, na watu wanaoinuka. Hilo ni karibu sawa na maelezo ambayo serikali ya Gavana von Götzen iliyapendelea: kwamba watu walipotoshwa na waganga. Maelezo hayo yaliwafaa sana wakubwa, kwa kuwa kama tatizo ni ushirikina, basi sera ya pamba haina kosa. Hoja yako wewe ni tofauti kabisa na hiyo. Unasema watu walikuwa na sababu ya kutosha kabla ya maji, na maji yakawapa namna ya kushirikiana. Nusu ya kwanza ya hoja hiyo imesimama juu ya pamba peke yake. Ukiikata, hujapunguza insha, umeibadilisha ikawa inasema kinyume chako, na msomaji hataweza kujua kuwa hukukusudia.

Kwa hiyo sehemu ya pamba, yenye maneno 540, ibaki na kama 460. Hizo 80 zinatoka kwenye jambo moja. Umeweka nukuu nne za wazee, kutoka masimulizi yaliyokusanywa na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1968, na zote nne zinasema kazi ya pamba ilikuwa mateso. Ya kwanza imenishawishi. Ya pili imenikumbusha. Ya tatu na ya nne nimeziruka, na mhadhiri wako ataziruka pia. Wakati huo huo ile ripoti ya afisa wa Kijerumani inayokiri kwamba watu walilazimishwa umeibana kwenye tanbihi. Weka mzee mmoja na afisa mmoja. Mashahidi wawili waliokuwa pande mbili za vita hiyo, wakikubaliana juu ya jambo moja, wana uzito kuliko mashahidi wanne wa upande mmoja. Ukichagua mzee wa kubaki, mchukue yule anayetaja kitu kinachoshikika, kama malipo au siku za kazi, umwache yule anayesema tu kwamba waliteseka.

Na ukishachagua nukuu, usiiache peke yake. Hili kosa nimelirudia mwenyewe ujanani: nikibanwa na kikomo nilikuwa nabakiza nukuu, kwa sababu inaonekana kama ushahidi, na kufuta sentensi iliyofuata inayoeleza nukuu hiyo inathibitisha nini, kwa sababu inaonekana kama maneno yangu tu. Matokeo yake ni insha iliyojaa sauti za watu wengine, na mwandishi hayupo. Kama ni lazima kimoja kipungue, fupisha nukuu. Sentensi yako ya maelezo ndiyo inayoibeba hoja.

Aya ya Wahehe ibaki. Najua inakupinga, na hiyo ndiyo kazi yake. Mtu anayejua historia ya kusini atasoma insha yako akijiuliza: kama maji yaliunganisha, mbona Wahehe kwa jumla hawakuingia? Usipomjibu ataendelea kuuliza hadi mwisho na hatasikia mengine. Tena ukiitazama vizuri aya hiyo haikuangushi, inakunoa. Inakulazimisha kusema kwamba maji hayakumburura mtu yeyote vitani. Yaliwafungulia mlango waliokuwa na sababu ya kuingia, na wengine walikuwa na hesabu zao. Ndiyo maana neno "yaliyowawezesha" kwenye sentensi yako kuu ni zuri, usije ukalibadilisha kuwa "yaliyowafanya". Aya yenyewe ina maneno 110 na ningeiacha na 100.

Haya, Mputa. Nimeisoma aya hiyo polepole na ni kweli imeandikwa vizuri. Kunyongwa pale Songea tarehe 27 Februari 1906 ni jambo zito, na umeliandika kwa heshima. Lakini pambizoni nimeandika nini? "Inahusu." Swali lako ni kwa nini watu waliungana, na aya hii inaeleza walivyomalizwa baada ya kuungana. Sehemu nzima ya ukandamizaji na njaa, maneno 360, imetumbukia kwenye shimo hilo hilo: insha ilikuwa imeshajibu swali, wewe ukaendelea kusimulia vita hadi mwisho kwa kuwa vita viliendelea.

Kuna kitu cha kuokoa hapo, nacho si kifo chake. Wangoni, tofauti na Wamatumbi, walikuwa na watawala wao wenye mamlaka. Kwamba Mputa aliyapokea maji kunaonyesha yaliwafikia hata watu waliokuwa na uongozi wa kale wa kuwaunganisha, si wale tu waliokosa. Huo ni ushahidi, na kwa sasa umezikwa kwenye kishazi cha sentensi ya tatu. Utoe uupeleke kwenye sehemu ya kuenea kwa vita, pembeni ya aya ya Wahehe, ili msomaji awaone Wangoni na Wahehe wakiwa sambamba: wote walikuwa na watawala, mmoja aliingia na mwingine hakuingia. Kunyongwa kubaki nusu sentensi. Njaa iliyotokana na Wajerumani kuchoma mashamba na maghala ibaki aya fupi, pamoja na idadi ya waliokufa, ambayo umeijadili katika maneno 90 na inatosha hivi: makadirio ya Wajerumani yalikuwa watu 75,000, na wanahistoria wa baadaye wameyapandisha hadi kati ya 250,000 na 300,000. Sehemu hiyo itashuka hadi 200 hivi.

Kuna ushahidi mwingine uliouzika, na huu umenisikitisha zaidi, maana ndio bora kuliko yote uliyo nayo. Kwenye aya ya kumi unataja kwa kupita tu kwamba Kinjikitile alinyongwa tarehe 4 Agosti 1905. Aya mbili baadaye unasema boma la Mahenge lilishambuliwa tarehe 30 Agosti. Hukuziweka tarehe hizo pamoja hata mara moja. Ziweke! Kinara amekufa mwanzoni mwa mwezi, na mwisho wa mwezi vita vimefika mbali kuliko alipofika yeye. Kama watu walikuwa wakifuata amri ya mtu mmoja, vingezimika Agosti hiyo hiyo. Hii ndiyo sababu napenda kupunguza kufanyike kwa kusoma upya na si kwa mkasi tu: mara nyingi kinachoonekana kama uhaba wa nafasi ni ushahidi mzuri uliokaa mbali na mwenzake. Sehemu ya Kinjikitile utaipunguza maneno 20 tu, na nisingejali kama hukuipunguza.

Utangulizi na hitimisho havitakuchukua muda. Utangulizi una maneno 310 na 140 za kwanza zinazungumzia Waafrika kupinga ukoloni kwa ujumla wao. Ungeweza kuziweka juu ya insha yoyote ya darasa lenu. Zitoe, anzia 1905. Hitimisho nalo lilikuwa refu kwa sababu hoja ilikuwa inazaliwa humo. Sasa hoja imehamia mwanzo, hivyo maneno 240 yatashuka hadi 130 bila kulazimisha.

Jumlisha utaona uko karibu na 2,000. Ni hapa tu ndipo unaposhika sentensi, na Kiswahili chetu kinasaidia mno, kwa kuwa kitenzi kimoja kinabeba mzigo ambao tunapenda kuutwika maneno manne. "Ambao walikuwa wanaishi" ni "walioishi". "Waliweza kushambulia" ni "walishambulia", maana kama walishambulia basi waliweza. "Suala la kodi", "kwa upande wa kodi" na "katika kipindi cha mwaka 1905" ni kodi, kodi na 1905. Nimehesabu "ambayo" na ndugu zake mara 41 kwenye rasimu yako. Sentensi hii ni ya aya ya saba:

"Ni jambo la muhimu sana kukumbuka kwamba, katika kipindi hicho cha utawala wa Wajerumani, wananchi wengi wa maeneo ya kusini walikuwa wakilazimishwa kufanya kazi katika mashamba ya pamba, jambo ambalo liliwafanya wauchukie sana utawala huo wa Wajerumani."

Maneno 37. Hii hapa ina 11: "Kulazimishwa kulima pamba kuliwafanya watu wa kusini wauchukie utawala wa Wajerumani." Hakuna kilichopotea. Ila usiifanye kila sentensi iwe hivyo. Ndiyo maana unasema insha inakatikakatika. Ulikuwa unafupisha pia viungo kama "kwa hiyo", "lakini" na "hata hivyo", na hivyo ni vya bei nafuu sana kwa kazi vinayofanya. Virudishe.

Mwisho kabisa kuna kusafisha majeraha. Aya ikiondoka huacha mayatima. Tafuta "kama tulivyoona hapo juu" na uhakikishe hapo juu bado papo. Angalia kila jina linapotajwa mara ya kwanza: von Götzen ulimtambulisha kwenye usuli tuliouondoa, kwa hiyo sasa anaingia kwenye sehemu ya pamba kama mgeni asiyebisha hodi. Mpe neno moja, "Gavana", na mwaka. Viwakilishi pia, "wao" na "hilo", vinaweza kuwa vinamwelekea mtu aliyekwisha kuondoka. Tanbihi ndizo mbaya kuliko vyote. Zile zinazosema tu "kitabu hicho hicho" huelekeza kwenye tanbihi iliyotangulia, na hiyo ikiwa imekatwa, chanzo chako kinageuka kingine bila wewe kujua. Pitia moja moja ukiwa na orodha ya vyanzo mkononi. Itakuchukua nusu saa, na uifanye Alhamisi, si Ijumaa asubuhi.

Kisha isome kwa sauti kuanzia mwanzo hadi mwisho, na uandike tena zile sentensi za "inaonyesha kwamba", safari hii kwenye karatasi tupu, bila kuiangalia ya kwanza. Zisome zenyewe tu, kama barua. Zikifuatana na kuleta maana, hoja imepona. Pale utakaporuka, ambapo sentensi moja haizai inayofuata, kuna kiungo umekikata, na pengine itabidi urudishe maneno ishirini au thelathini uliyokwisha kuyatoa. Yarudishe. Na kama baada ya yote hayo bado uko kwenye 2,030, nenda kwenye utangulizi, kisha kwenye njaa. Wahehe waache walipo.